Yeye, yeye, yeye: nani kampa nani fedha?

*Shikamoo mwalimu. Natafsiri kutoka Kiingereza hadithi ya wavuvi wa Ukerewe, na pia kanuni za kikundi cha kuweka na kukopa cha hapa Mwanza. Kiingereza kina kiwakilishi cha kiume na cha kike, sisi tuna "yeye" tu. Nikiijaza "yeye" kila mahali mhariri ananirudishia kazi, nikiiondoa wasomaji wanauliza nani kafanya nini. Mhariri kanishauri niweke "wa kike" kwenye mabano. Halafu kwenye kanuni kuna kile kiwakilishi cha wingi kinachotumika kwa mtu mmoja. Nikiandike "wao"? – Mtafsiri, Nyegezi*

Marahaba. Hukusema kama wewe ni kaka au dada, nami nimesoma barua yako mpaka mwisho bila kuhitaji kujua. Kisukuma na Kikerewe navyo vingeniachia hivyo hivyo. Kwa hiyo usianze kazi ukidhani Kiswahili kina pengo la kuzibwa. Mabano ya mhariri wako yaache kabisa. Msomaji akikuta "yeye (wa kike)" anajua papo hapo kwamba anasoma tafsiri, na hadithi imeshamponyoka.

Ili tuelewane, nitaviandika viwakilishi vya Kiingereza kama tunavyovitamka: hi kwa mwanamume, shi kwa mwanamke, na dhei kwa watu wengi au, kama ulivyoona, kwa mtu mmoja.

Hi na shi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kumfuata mhusika, yaani kumkumbusha msomaji kwamba tunayemsema sasa ni yule yule wa sentensi iliyopita, au ni yule mwingine. Ya pili ni kutaja jinsia yake. Katika sehemu kubwa ya hadithi jinsia inajulikana tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo kazi ya pili haina jipya, na kinachobaki ni ile ya kwanza. Hiyo ndiyo unayotakiwa kuitafsiri, na Kiswahili kina njia zake za kuifanya.

Hadithi yako sijaiona, kwa hiyo nimetunga tukio la mwaloni linalofanana nayo. Neema ni mchuuzi wa dagaa. Masanja ndiye tajiri, kama tunavyomwita mwenye mtumbwi huku ziwani hata akiwa na madeni. Mwandishi wa Kiingereza ameshawataja kwa majina, kisha anaendelea hivi, nami nimeacha viwakilishi vyake mahali pake:

Shi akampa hi fedha. Hi akazihesabu mara mbili. Shi akasema mtumbwi wa hi unavuja, na kwamba shi alimwonya hi tangu giza lililopita. Hi akacheka, akamwita mtoto wa hi.

Kwa Mwingereza hapa hakuna utata hata chembe. Sasa tuingize "yeye" kila palipo na hi au shi: "Yeye akampa yeye fedha. Yeye akazihesabu mara mbili. Yeye akasema mtumbwi wake yeye unavuja..." Hii haihitaji maelezo, na mhariri wako ana haki ya kuirudisha. Lakini tazama kinachotokea ukizifuta tu: "Neema akampa fedha. Akazihesabu mara mbili. Akasema mtumbwi wake unavuja, na kwamba alimwonya tangu giza lililopita. Akacheka, akamwita mwanawe."

Watafsiri wengi husema sentensi za namna hii zina utata. Kwa maoni yangu tatizo ni baya kuliko utata. Zinaeleweka vizuri kabisa, ila zinasimulia hadithi nyingine. Neema ametoa fedha, Neema amezihesabu, Neema ndiye mwenye mtumbwi unaovuja, Neema kacheka na mtoto ni wa Neema. Sababu ni kile kiungo cha "ka". Masimulizi ya akaenda, akafika, akakaa hutembea na mtu mmoja mpaka msimulizi atoe ishara kwamba amebadilika. Bibi zetu walisimulia ngano ndefu za sungura na fisi, wote wawili wakiwa "a", na hakuna mtoto aliyepotea njiani, kwa sababu ishara zilitolewa pale mtendaji alipobadilika na si kila mahali.

Kwa hiyo soma Kiingereza ukitafuta mahali zamu inapobadilika. Katika tukio letu inabadilika mara tatu: Masanja anapohesabu, Neema anaposema, Masanja anapocheka. Sehemu hizo tatu ndizo zinazohitaji kitu, pamoja na yale maneno ya umiliki nitakayoyarudia. Kwingine kote "a" inatosha.

Ishara nyepesi kuliko zote ni "naye". "Neema akampa tajiri fedha, naye akazihesabu mara mbili." Aliyekuwa anapokea kitendo sasa anatenda, na msikilizaji anamhamia bila kusita. Ina mipaka yake. "Naye" inaweza pia kumaanisha "yeye pia", kwa hiyo kama kuna uwezekano kwamba wote wawili walihesabu, sentensi inayumba. Na ukiitumia mara mbili mfululizo inageuka mchezo wa kurushiana mpira: naye akasema, naye akajibu. Mimi huiruhusu mara moja katika aya.

Ya pili ni jina, au nomino inayosimama badala ya jina. Watafsiri wachanga huogopa kurudia jina kwa sababu walifundishwa kwamba kurudia ni udhaifu. Jina moja kila zamu inapobadilika si kurudia, ni kumwongoza msomaji. Tena una zaidi ya jina. Masanja ni tajiri, Neema ni mchuuzi, na kwa wale vijana wa mtumbwini ni Mama fulani. Chagua nomino inayohusika na tendo lenyewe. Anayepokea fedha ni "tajiri", kwa sababu anapokea kwa cheo hicho. Anayecheka ni "Masanja", kwa sababu kucheka ni kwake mwenyewe. Lakini usiige ule mtindo wa habari za magazetini wa "mwanamke huyo" na "mwanaume huyo" kila mstari wa tatu. Hiyo ni shi iliyovaa kanga, na ni nzito kuliko jina.

Ya tatu ni kuyarudisha maneno kinywani mwa msemaji. Kiingereza cha masimulizi hupenda kauli ya taarifa: shi akasema kwamba shi alimwonya hi. Katika Kiswahili nafsi ya tatu ikirundikana namna hiyo ndani ya "kwamba", hata mkongwe wa lugha anachoka. Mwache mtu aseme mwenyewe, na mara moja unapata "ni" na "u" ambazo hazichanganyiki na mtu mwingine yeyote: "Mtumbwi wako unavuja, nilikuonya." Viwakilishi vitatu vya Kiingereza vimetoweka, na msomaji anajua kila kitu.

Tukiyaunganisha, tukio linakuwa hivi:

Neema akampa tajiri fedha, naye akazihesabu mara mbili. "Mtumbwi wako unavuja," Neema akamwambia, "nilikuonya tangu giza lililopita." Masanja akacheka, akamwita mwanawe.

Hakuna "yeye" hata moja. Hesabu uone: Neema mara mbili, Masanja mara moja, tajiri mara moja. (Neno "giza" nimeliacha makusudi. Wavuvi wa dagaa huhesabu kazi kwa giza na mbalamwezi, kwa kuwa taa haziwavuti dagaa vizuri mwezi ukiwa mkubwa. Kama Kiingereza kilisema "mwezi uliopita", mwaloni hapa utaeleweka zaidi ukisema giza lililopita.)

Mhariri akikulazimisha kubaki na kauli ya taarifa, bado inawezekana: "Neema akamwambia kwamba mtumbwi unavuja, na alishamwonya." Angalia nimefanya nini: nimeondoa "wake". Kila mtu anajua tajiri wa mtumbwi ni nani, kwa hiyo mtumbwi ni wa nani si swali. Neno "-ake" ndilo mtego mkubwa kuliko "yeye", maana linapita kimya kimya. Kiingereza hupenda sana umiliki: mtu huweka mkono wake mfukoni mwake akatoa simu yake. Sisi mtu hutia mkono mfukoni akatoa simu. Kabla ya kuuliza "wake nani?", jaribu kulifuta. Mara nyingi swali linaondoka nalo.

Pale umiliki unapokuwa wa ukoo, Kiswahili kinakuzidishia. "Mumewe" inaeleza jinsia ya mume, na papo hapo inaeleza kwamba mwenye mume ni mwanamke. "Mkewe" vivyo hivyo kwa upande wa pili. Umepata shi na hi ndani ya neno moja, bila mabano. Vitenzi navyo vina siri hiyo: anayeoa ni mwanamume, anayeolewa ni mwanamke. Ukiandika "alipoolewa alihamia Nansio", umeshasema shi. Nitarudi kwenye hili, kwa sababu huwa linauma pia.

Kuna njia ya nne ambayo watafsiri huitumia kidogo mno, nayo ni kumpumzisha mtu na kukipa kitu nafasi ya kutenda. Watu wote wako kwenye ngeli moja, lakini vitu vimetawanyika: mtumbwi "u", taa "i", macho "ya", fedha "zi". Mkiwa na watu wawili wanaogombania "a", sentensi moja kama "Fedha zikahesabiwa mara mbili" au "Macho yakamtoka" inafungua uzi. Kutendwa pia kunasaidia unapotaka kubaki upande wa mhusika mmoja. Kama sura yote ni ya Masanja, usianze na Neema. Andika "Masanja akapewa fedha, akazihesabu mara mbili, akaambiwa mtumbwi unavuja." Zamu haikubadilika hata mara moja, na hukuhitaji ishara yoyote. Gharama yake ni kwamba Neema amefifia, kwa hiyo usifanye hivyo pale mwandishi anapotaka tumwone Neema.

Na "yeye" je, ifukuzwe kabisa? Hapana. Kazi yake ni mkazo na ulinganisho: "Wenzake walirudi pwani, yeye akabaki na nyavu." Ninapohariri huzifuta zote kwanza, kisha ninasoma nikiongeza kichwani "na si mwingine". Pale maneno hayo yanapokaa vizuri, "yeye" inarudi.

Sasa ile kazi ya pili, kutaja jinsia, kwa sababu mara chache ndiyo yenye habari. Tuseme hadithi yako inaanza na nahodha anayeusukuma mtumbwi majini usiku, na neno la pili la Kiingereza ni shi. Msomaji wa Kiingereza ameshtuka mstari wa kwanza. Wako hajashtuka, na kwa mazoea ya ziwani amemwona mwanamume. Ukurasa wa sita nahodha anapofunga kitenge upya, msomaji anarudi nyuma akidhani umekosea. Hapo lazima uitaje jinsia, na uitaje mapema, mara moja, kwa nomino: "Nahodha, mama wa makamo, aliusukuma mtumbwi..." Au mpe mtu mwingine amwite: "Mama, tanga liko tayari." Ukishafanya hivyo usirudie. Msomaji hasahau kwamba nahodha ni mama, kama vile asivyosahau kwamba ni usiku.

Kipimo changu cha sura nzima ni hiki. Mtafute mtu ambaye hajakiona hicho Kiingereza chako, umsomee kwa sauti, bila kumwonyesha karatasi. Mimi humsomea jirani yangu anayeuza vitumbua Mkuyuni, naye hana subira na waandishi. Pale anapokatiza "nani huyo?" naweka alama. Ninarekebisha hapo tu, na mahali asipouliza siongezi kitu, hata kama jicho langu lililozoea Kiingereza linaona pengo.

Tuje kwenye kanuni za kikundi. Dhei ya mtu mmoja si jambo la jana. Waingereza wameitumia kwa karne nyingi kwa mtu asiyejulikana ni nani, na mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani iliichagua kuwa neno la mwaka. Mtego wake kwetu ni kwamba kitenzi kinachoifuata hubaki katika umbo la wingi hata mtu akiwa mmoja, kwa hiyo kitenzi hakikusaidii. Rudi nyuma kwenye nomino inayorejelewa. Ikiwa ni mwanachama, mkopaji, mtu yeyote au kila mmoja, basi dhei hiyo ni "a", si "wa".

Nalijua kosa hilo kwa sababu nililifanya. Miaka ya mwanzo nilipewa kanuni za kikundi kimoja cha kukopeshana cha wavuvi na wachuuzi. Kiingereza kilisema kwamba mwanachama akichelewesha rejesho, dhei italipa faini. Nikaandika: "Mwanachama akichelewesha rejesho, watalipa faini." Ilipigwa chapa ikabandikwa ukutani. Mama mmoja akasimama kikaoni akauliza kwa nini kikundi kizima kilipie uzembe wa mmoja. Wengine wakajibu kwamba ndiyo maana ya dhamana ya kikundi. Wakabishana saa nzima juu ya herufi yangu moja, na walikuwa wameisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimewatungia sheria mpya.

Ilitakiwa iwe "Mwanachama akichelewesha rejesho, atalipa faini." Hata hapo unaweza kuibana zaidi, kwa sababu katika kanuni Kiswahili kina zana nzuri mno, kirejeshi kinachomeza mtu na tendo lake kwa pamoja: "Atakayechelewesha rejesho atalipa faini." Kwa amri, umbo la "alete", "atoe", "asiingie" linaondoa msururu wa "anapaswa": "Kila mwanachama alete daftari lake." "Aliyepoteza kadi atoe taarifa kwa katibu." Kiingereza cha zamani kikiandika hi au shi kwa pamoja, au umiliki wa kiume au wa kike, jibu ni hilo hilo. "Lake" inawatosha wote. Usiandike "mume au mke wake" isipokuwa kanuni yenyewe inazungumzia ndoa. Na hata hapo "mwenzi wake" ni fupi na haliachi mtu nje.

Wengine watakushauri ugeuze yote kuwa wingi, "Wanachama wanaochelewesha watalipa faini", ukwepe shida. Katika barua au tangazo haina ubaya. Katika kanuni mimi sifanyi, kwa sababu umoja ndio unaombebesha mtu mmoja mmoja wajibu wake, na ushaona wingi ulivyotuletea kikao cha saa nzima.

Dhei nyingine ni ya kumficha mtu, kama mkopaji aliyetoa ushuhuda bila kutajwa. Hapa "a" inakufanyia kazi bure. Hatari ni kuivujisha jinsia mwenyewe bila kujua, na ndipo kile kitenzi cha ndoa kinapouma. "Alikopa baada ya kuolewa" imeshamtoa mafichoni. Andika "baada ya kufunga ndoa". Chunguza pia "dada mmoja", "mama lishe" na "mumewe". Na kama maandishi yanamhusu mtu aliyechagua mwenyewe kuitwa dhei, "a" inampokea bila kubadili chochote. Ukimwandikia "wao", wasomaji watauliza wale wengine wako wapi. Ikiwa uchaguzi wake ndiyo habari yenyewe, useme kwa maneno kamili, sentensi moja, kwamba huomba aitwe kwa kiwakilishi kisichotaja jinsia, kisha uendelee na "a".

Jambo moja dogo kabla hujafunga daftari. Mabaharia wa Kiingereza huiita meli shi, na kwenye hadithi ya ziwani utaikuta tu. Hapo hakuna mwanamke. MV Victoria "imetia nanga", mtumbwi "unavuja". Nimeshasoma tafsiri ambamo "alivuja usiku kucha mpaka akazama", na nilikuwa nimeanza kumwonea huruma.